Alhamisi, Siku Nzima

Katika duka letu nyanya walikufa sana. Ikifika Januari, mwezi ambao mwenye duka hakutaka hata kulisikia neno ruhusa, ungeambiwa nyanya wa huyu amefariki Murang'a, wa yule amefariki Kakamega, na kuna jamaa mmoja wa kukata vitambaa aliyemzika nyanya mzaa mama mara mbili bila kuona haya. Mwenye duka alikuwa akimsikiliza mfiwa mpaka mwisho, kisha anamuuliza, "Huyu ni yule wa mwaka jana ama ni mwingine?" Halafu anakataa. Mimi niliapa kwamba sitamuua mtu ili nipewe siku moja. Nyanya yangu alikuwa amelala zake kwa amani tangu nikiwa darasa la nne, na sikuona kwa nini nimwamshe.

Lilikuwa duka la sare za shule, upande wa Ngara, barabara moja nyuma ya maduka ya jumla. Kazi yangu ilikuwa kaunta ya sweta. Nilimpima mtoto kwa macho, nikamtajia mzazi saizi, mzazi akabisha, mtoto akavaa, mzazi akanyamaza. Miaka hiyo shule za msingi zilikuwa zimefanywa za bure, na wazazi ambao hawakuwahi kununua sweta mpya walikuja na watoto watatu watatu. Wiki ya kufungua shule laini ya wateja ilitoka mlangoni ikazunguka kona.

Mwenye duka tulimwita Mzee. Alikaa nyuma, katika kiofisi kilichotengwa kwa mbao, akibishana kwa simu na watu wa viwanda. Mkewe tulimwita Mama, na ndiye aliyekuwa na funguo. Yeye ndiye aliyesimama katikati ya duka tangu asubuhi hadi jioni akihakikisha kwamba hatukai chini. Sikumpenda na sidhani alitaka nimpende.

Jumapili moja, shule zikiwa karibu kufunguliwa, nilitoka Kangemi nilikopanga chumba nikaenda Waithaka kumwona mama yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani. Hakusimamisha kazi. Aliniambia akiwa ameinama, "Kaka yako amesema Alhamisi nivae ile nguo ya kanisa. Tunaenda kwa D.O., kwa bodi."

Yeyote aliyelelewa pande hizo anajua bodi ni nini. Ni bodi ya ardhi, ambayo hukaa mara moja kwa mwezi katika ofisi ya D.O., yaani mkuu wa tarafa, na shamba haliuzwi mpaka ikubali. Mwenyekiti huuliza kama familia inajua na kama imeridhika. Anayepinga anasema pale pale. Watu wote wakinyamaza, wameridhika.

Baba alipofariki, shamba liliandikwa jina la kaka yangu kwa kuwa ndiye mkubwa. Tulikaa mezani kwa mama, tukala, tukaomba, tukakubaliana kwamba anatushikia tu. Hakuna aliyeandika chochote. Nani angethubutu kutoa kalamu kati ya mama na mwanawe? Sasa alikuwa amempata mnunuzi wa kujenga gorofa za kupangisha, na mama, nyumba yake, ng'ombe wake na nduma zake pale bondeni, wangehamishiwa mahali ambapo kaka hakuwa amepataja bado.

"Utamwambia hutaki?" nikauliza.

Mama akanyoosha mgongo. "Mbele ya D.O.? Nimwaibishe mtoto wangu mbele ya watu? Siwezi peke yangu. Ukiwa hapo nitasema. Ukikosa, nitanyamaza."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, wala sitayapamba. Nikifika, mama ana nyumba. Nisipofika, hana. Na kaka yangu hakuichagua Januari kwa bahati mbaya. Alijua tangu zamani kwamba wiki ya kufungua shule mimi hufungwa dukani kama mbuzi kwenye kamba. Nilimjua kaka yangu. Alicheka vizuri, alitoa sadaka vizuri, na alipiga hesabu zake mapema.

Ningeweza kukosa kazini tu, nikatoroka. Wengi walifanya hivyo. Lakini nilikuwa na kodi ya kulipa, na zaidi ya kodi nilikuwa na kiburi. Sikutaka kuiba siku ambayo ni yangu. Nilikuwa na siku za livu, likizo yangu ya mwaka, ambazo sikuwahi kugusa mwaka mzima. Nilitaka kupewa siku yangu mchana, nikiwa nimesimama wima.

Shida ilikuwa namna ya kuomba. Katika duka lile nilikuwa nimeona njia mbili, na zote mbili ziliwaangusha watu. Fundi wetu wa cherehani, mwanamume mpole kabisa, aliandika barua nzuri ya kuomba ruhusa akaiacha mezani kwa Mzee wakati Mzee amekwenda kula. Mzee alitoka na ile barua ameishika kwa ncha za vidole. "Mnaniandikia? Huyu mtu ananiona kila siku, hana mdomo?" Kwake yeye barua iliyotangulia mtu ilikuwa amri. Fundi hakupewa siku, na mpaka anaacha kazi aliitwa Bwana Barua.

Msichana wa soksi naye alifanya kinyume. Alimvizia Mzee akiwa amebeba furushi begani, jasho likimtoka, akamwomba siku tatu. Mzee akasema, "Haya, haya." Msichana akaenda kwao. Aliporudi alikuta kaunta ina mtu. Alilia, akasema aliruhusiwa. Mzee akajibu, "Nilisema haya. Sikusema nenda." Na ajabu ni kwamba sidhani alidanganya. Mtu mwenye furushi begani husema haya kwa kila kitu.

Usiku ule niliyaweka pamoja hayo mawili nikaamua. Kwanza mdomo, halafu karatasi, na vyote siku moja. Mdomo kwanza kwa sababu mtu mzima anastahili kuombwa usoni, apate nafasi ya kuuliza na hata ya kukataa. Karatasi baadaye kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na ruhusa ya Januari hupotea upesi kuliko mali.

Jumatatu nilifika kabla milango haijafunguliwa, nikapitia mlango wa nyuma. Mzee alikuwa katika kiofisi chake, peke yake, anamimina chai kutoka kwenye chupa. Hiyo ndiyo saa niliyoitaka. Nilisimama mlangoni.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Mzuri. Mbona mapema?"

"Naomba kuongea na wewe kidogo. Kama si saa mzuri, niambie nirudi saa ngapi."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hajawahi kuulizwa. "Ingia. Ongea."

"Naomba ruhusa Alhamisi."

Akacheka. "Alhamisi ya hii wiki? Haya niambie, nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, Mzee."

Aliweka kikombe chini. Nadhani hilo lilimshtua kuliko ombi lenyewe. Nikamweleza, bila kuzunguka. Kaka anataka kuuza shamba lenye nyumba ya mama. Bodi inakaa Alhamisi. Mama anaogopa kusema peke yake, na nisipokuwepo litauzwa. Kisha nikamwambia nilichokuwa nimepanga. Siku hiyo ikatwe kwa livu yangu. Mwenzangu wa kaunta ya mashati nilimpigia simu jana, amekubali kushika na sweta pia. Jumatano jioni nitabaki nipange saizi zote ili asitafute. Sikumwambia kwamba nitaenda. Nilimwomba niende. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu wa umri wake huisikia tofauti yake haraka sana.

"Unajua Alhamisi ndio mbaya kabisa," akasema.

"Najua. Kama ningechagua mimi, ningechagua Februari. Siku ilichaguliwa na kaka yangu."

Nje Mama alikuwa anaanza kufungua makufuli, moja baada ya jingine. Mzee akakuna kidevu, akatazama chai yake, akasema, "Hawa vijana na mashamba ya wazee. Haya, enda. Ukimaliza unarudi."

Nikamshukuru nikatoka, miguu myepesi. Mimi nilisikia enda.

Saa ya chakula sikula. Nilikaa juu ya katoni stoo nikaandika, nakala mbili, kwa Kiswahili kwa sababu tuliongea kwa Kiswahili. Haikuzidi nusu ya ukurasa.

"Mzee, asante kwa kunisikiliza leo asubuhi. Tumekubaliana kwamba Alhamisi hii sitakuja kazini, siku nzima, ili nihudhurie kikao cha bodi ya ardhi pamoja na mama yangu. Siku hiyo itakatwa kwa livu yangu. Mwenzangu wa mashati atashika kaunta yangu. Nitarudi Ijumaa saa moja asubuhi. Kama kuna mahali sikukuelewa vizuri, tafadhali nirekebishe."

Tarehe, jina, sahihi. Sikuweka pole nyingi wala Mungu akubariki. Nilimpelekea mwenyewe mkononi, wakati laini imepungua, nikamwambia, "Mzee, ni yale tuliongea asubuhi. Nimeyaandika tu yasisahaulike."

Uso wake ulibadilika mara moja. "Unaniandikia? Kwani neno langu halitoshi?"

"Limetosha, ndiyo maana nimelileta. Hakuna kitu kipya hapo."

Akavaa miwani, akasoma polepole, kisha kidole chake kikasimama. "Kuna kitu kipya. Siku nzima. Mimi nilisema ukimaliza unarudi. Nilihesabu saa sita uko hapa."

Na hapo, nawaambia, niliipenda ile karatasi. Kwa sababu alikuwa sahihi, alisema hivyo, na mimi nilikuwa sahihi, nilisikia vingine. Tungeachana hivyo, ningekuwa nimekaa kwa D.O. Alhamisi nikiwa na amani, naye dukani saa sita akiwa na hasira, na kila mmoja angekuwa na Mungu wake wa kumwapia.

"Bodi haina saa, Mzee," nikasema. "Watu huitwa mmoja mmoja. Unaweza kukaa hapo mpaka jioni. Nikiondoka saa tano waniite saa nane, nitakuwa nimepoteza siku yako na nyumba ya mama pamoja."

"Kwa hivyo unaniandikia unifunge."

"Nakuandikia ili kama nimekosea unikosoe leo, usinikosoe Ijumaa. Umenikosoa. Sasa tuongee tena."

Sikuwahi kumjibu mwajiri hivyo maishani. Nilijiambia, akinifukuza, anifukuze kwa ukweli. Kuna watu walifukuzwa hapo kwa nyanya wa kubuni.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Na Jumamosi jioni? Zamu yako ya kutoka mapema?"

"Nitabaki mpaka mfunge."

"Ongeza hiyo."

Nikachukua kalamu, nikaongeza sentensi moja mbele yake kwenye nakala zote mbili. Akasoma tena, siku nzima na yote, kisha akaandika chini kwa herufi zake kubwa zilizolala, Nimekubali, akatia sahihi. Yake aliichoma kwenye msumari wa ukutani, juu ya risiti za wiki hiyo. Yangu niliikunja nikaitia mkobani. Nilimwambia mwenzangu wa mashati, na nikaacha hapo. Mama wa dukani sikumwambia. Mambo ya ruhusa yalikuwa ya Mzee, na nilidhani mume na mke huongea.

Alhamisi uwanja wa D.O. ulijaa mapema. Watu walikaa kwenye mabenchi na ukingoni mwa maua, kila familia imejikusanya na kuitazama familia nyingine kando kando. Mama alikuwa na nguo ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Kaka alivaa suti, na pembeni yake alisimama mnunuzi, mwanamume mnene mtulivu, akichezea funguo za gari.

Kaka aliponiona alikunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Wewe si uko kazini?"

"Niko na ruhusa."

"Januari?"

"Januari."

Alicheka kile kicheko chake kizuri. Kisha akatoa simu mfukoni, akaenda mpaka kwenye geti, akatugeuzia mgongo. Aliongea muda mfupi tu. Aliporudi hakunitazama. Alianza kumuuliza mama kama amekunywa chai.

Baada ya muda simu yangu ikalia. Alikuwa Mama, mkewe Mzee, na nyuma yake nilisikia duka lote, watoto wakilia na wazazi wakigombania saizi.

"Uko wapi?"

"Niko Waithaka, kwa D.O."

"Wacha uongo. Nimeambiwa hakuna D.O. Watu wamepanga laini mpaka kwa barabara na wewe unatembea tu. Kuja sasa hivi."

"Mama, niliomba Mzee ruhusa na akanipatia. Tuliandika. Karatasi iko kwa msumari, kwa ofisi yake."

"Mzee ameenda kiwandani Thika na simu yake imezimwa. Hakuniambia kitu. Na siwezi kuanza kutafuta karatasi na watu wamejaa hapa. Kama hutakuwa hapa saa sita, usirudi tena. Kaa huko na D.O. wako."

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huondoka. Mtu akikufokea kwa uhakika kama ule, kumbukumbu yako inageuka upande wake. Nilianza kufikiri, labda Mzee alisema nusu siku. Labda ile kuandika niliiota. Niliona chumba changu cha Kangemi na mwenye nyumba amesimama mlangoni. Niliona aibu pia, ile ya kuitwa muongo nikiwa nimesema ukweli tangu mwanzo. Nilifungua mkoba nikaitoa ile karatasi, nikaisoma. Alhamisi hii. Siku nzima. Nimekubali. Herufi kubwa zilizolala.

"Mama," nikasema, "kwa heshima kabisa. Nimepewa siku nzima. Nitakuja kesho saa moja kama tulivyokubaliana. Leo sitoki hapa."

Akakata simu. Mama yangu alikuwa ananitazama.

"Wanakuita?"

"Wameniita. Nimewajibu."

Kaka yangu alikuwa akisoma tangazo la chanjo ya ng'ombe lililobandikwa ukutani, kwa makini sana, mtu ambaye hajawahi kumgusa ng'ombe tangu aoe.

Saa sita ilifika nikaisikia ikipita. Tuliitwa jua likiwa limeshaanza kushuka. Chumba kilikuwa na meza ndefu, D.O. katikati, wazee wa bodi pande zote mbili, na karani mwishoni. D.O. alisoma nambari ya shamba, jina la kaka, jina la mnunuzi, akauliza kama familia inajua.

"Familia inajua, mheshimiwa," kaka akasema. "Mama huyu hapa. Tuliongea, tukakubaliana."

"Mama, ni kweli?"

Mama alitazama mikono yake. Nilihesabu pumzi zake. Mzee mmoja wa bodi akaanza kugeuza karatasi, kwenda kwa jambo lingine.

"Mheshimiwa, mngojee," nikasema. "Hajajibu."

"Wewe ni nani?"

"Ni binti yake. Napinga uuzaji huu. Lakini sitaki kumsemea mama. Nimekuja asimame na mtu."

Nikamshika mkono. Kaka akasema kitu juu ya wasichana wa mjini wanaokuja kuharibu mambo ya boma, na D.O. akamwinulia kiganja. Na mama yangu, ambaye hata kanisani huomba kwa sauti ya chini, akasema, "Nyumba yangu iko hapo. Sijaambiwa nitapelekwa wapi. Mtoto wangu nampenda. Sitaki."

Hilo la mwisho lilikuwa neno moja, lakini karani aliliandika nikiona. Bodi ilikataa ombi. D.O. alimwambia kaka aende akazungumze na watu wake, na asirudi hapo mpaka wote wameridhika. Kaka alitoka mbele yetu bila kutuaga, na mnunuzi akamfuata, funguo zimetulia mkononi.

Ijumaa nilifika Ngara kabla ya saa moja. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu moja moja, ya kumwambia Mama, na yalikuwa makali. Nilikuwa nimemkatalia kaka yangu mwenyewe mbele ya D.O., sembuse mwanamke wa kunifokea kwa simu. Lakini milango ya ndani ilipofunguliwa nilikuta msichana kwenye kaunta yangu, mpwa wake Mama, tayari amevaa aproni yangu.

"Si nilikwambia usirudi?" Mama akasema.

"Naomba Mzee aitwe."

Mzee akatoka, miwani kichwani, vumbi la Thika bado kwenye viatu. Mama akamuuliza kama mimi nilikuwa na ruhusa ya jana. Na Mzee, Mungu ni shahidi wangu, akanitazama kwa dhati kabisa na kusema, "Jana? Mimi? Sidhani."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kati ya Jumatatu na Ijumaa alikuwa ameshabishana na viwanda viwili, amepokea malori, amelala kidogo. Alikuwa amesahau tu, na kusahau kwake kungenitoa pale bila mtu yeyote kufanya dhambi.

Sikupandisha sauti. Nilimpa nakala yangu. Akashusha miwani, akasoma, na nikaiona Jumatatu ikimrudia usoni. Akarudi ofisini, akachomoa risiti kwenye msumari mpaka akaipata yake, akaja na zote mbili.

"Huu ni mkono wangu," akamwambia mkewe, mbele yetu sote. "Nilimpa. Siku nzima. Nilisahau kukwambia." Kisha akanigeukia mimi. "Jumamosi unabaki."

"Ninabaki, Mzee. Imeandikwa."

Akaguna, akarudi kwenye chai yake. Mpwa akavua aproni yangu akaiweka juu ya kaunta. Mama akamtuma kwenye kaunta ya viatu. Nje laini ilikuwa imeshaanza, na watu walikuwa wakigonga mlango wa chuma kwa sarafu. Mama alikuja na funguo zake, akasimama karibu nami, nami nikafungua mdomo niyatoe yale maneno niliyoyabeba kutoka Kangemi.

Akanitangulia. "Kaka yako ndiye alipiga simu. Namba alisema ametoa kwa mfuko wetu wa karatasi. Alisema umetoroka, uko na mwanaume."

"Nilidhani ni yeye."

"Ameuza?"

"Hakuuza."

"Mama yako?"

"Ako kwake."

Alitafuta ufunguo kwa muda mrefu, na alikuwa anaujua. "Shamba yetu iliuzwa Januari," akasema, bila kunitazama. "Ya mama yangu. Mimi nilikuwa hapo kwa kaunta yako, nauza sweta. Niliambiwa Jumapili, kanisani, imeshaisha."

Nikamuuliza kitu cha kijinga, kitu cha kwanza kilichonijia. "Kwani Mzee alikunyima ruhusa?"

"Sikumwomba," akasema. Kisha akageuza ufunguo, akawafungulia watu.